Gunia Lililonenepa

Watu wakinisikia nikisema kwamba sipendi utulivu wa bei hudhani nimechanganyikiwa. Mama wa nyumbani gani hapendi bei itulie? Mimi. Na nina sababu zangu.

Miaka ile serikali ilipoachia biashara ya nafaka na kila mwenye lori akawa mfanyabiashara, nilipunguzwa kazi ofisini pamoja na nusu ya wenzangu. Nilikuwa najua kompyuta, na Dodoma nzima waliojua kompyuta ungeweza kuwakalisha kwenye mkeka mmoja. Nikachukuliwa na kampuni ndogo ya mazao iliyokuwa na ghala nyuma ya soko la Majengo. Mwenyewe alikuwa kijana wa makamo aliyesoma nje, akarudi na suti mbili na kitabu kinene cha masoko ya hisa. Alitaka tumwite Mkurugenzi. Tulikuwa wafanyakazi watano na makuli, lakini haya, Mkurugenzi.

Kazi ya kampuni ilikuwa kupokea mahindi ya wakulima, kuyahifadhi, na kuyauza bei ikiwa nzuri, mwenye mzigo akikubali. Wakulima wengi walitoka Kondoa, nyumbani kwetu. Mama yangu, aliyekuwa akilima karibu na Kolo, alikuwa mmoja wao. Mwaka huo alileta mavuno yake yote, hakubakiza ila ya kula. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na nafasi hiyo ilikuwa haisubiri mtu: Januari usipofika na ada, anaitwa mwingine. Mama alikuwa ameshona sare mbili kabla hata ya kuuza gunia moja. Mdogo wangu alizivaa ndani ya nyumba, akitupima mapigo ya moyo kwa kutushika mkono penye mshipa, na mama akimtania, "Nesi, mimi nitapona kweli?"

Sasa nieleze hilo la kompyuta, maana ndilo lililotumaliza.

Mkurugenzi alinifundisha kitu kiitwacho bendi za Bollinger. Si kitu cha uchawi. Unachukua bei za siku ishirini za soko, unapata wastani, unachora mstari wa katikati. Kisha unakokotoa bei hizo zinatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani, unazidisha mara mbili, unachora mstari mmoja juu na mwingine chini. Bei zikirukaruka, mistari miwili inaachana. Bei zikitulia, inasogeleana. Nilitengeneza jedwali: ukingo wa juu toa ukingo wa chini, gawa kwa wastani, upate upana. Kila jioni kompyuta ililinganisha upana wa siku hiyo na wa miezi sita nyuma. Ukiwa mwembamba kuliko wote, inaandika MBANO kwa herufi kubwa. Maana yake ni kwamba soko limetulia kupita kawaida, na soko likitulia hivyo mara nyingi halikai, linaweza kufumuka. Upande gani? Hapo jedwali linafunga mdomo. Linaweza kufumuka juu, linaweza kufumuka chini, linaweza hata kukudanganya juu kwanza ndipo lishuke. Kitabu chake mwenyewe kilisema hivyo, nilikisoma.

Mvua zilipokaribia, kompyuta ikaandika MBANO. Kesho yake MBANO. Mistari ilikuwa imekaribiana mpaka kwenye karatasi ya printa ilionekana kama mmoja.

Mkurugenzi aliruka kwenye kiti. "Umeona? Itapanda!"

"Haijasema itapanda," nikamwambia.

"Dada, mvua zinaanza, ghala za watu tupu, bei imejibana. Wewe unafikiri itakwenda wapi?"

Siku hiyohiyo akatuma salamu kwa wakulima wote: asiuze mtu, kompyuta imeona jambo.

Sikulala vizuri na hilo. Bei haitulii Majengo, mimi nimekulia kwenye kelele za pale. Nikaenda sokoni mwenyewe. Nikamkuta mnunuzi mmoja ninayemfahamu akisimamia ushonaji wa gunia. Jamani, gunia lile! Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na juu ya mdomo wamelisukia kamba za katani wakaongeza kilemba kizima cha mahindi. Lumbesa, gunia la kupitiliza kipimo, nilikuwa naijua, nani haijui? Lakini hiyo ilikuwa na mimba ya mapacha. Nikamwuliza bei. Akanitajia ileile tuliyokuwa tunaiandika kila siku.

"Mbona bei haibadiliki?" nikauliza.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Bei haijapanda, haijashuka, dada yangu. Gunia ndilo limenenepa."

Akaniambia wazi. Wanunuzi walikuwa wamesikia kuna mahindi ya nje yanashushwa bandarini na mengine yanakuja kutoka Iringa. Wangeshusha bei, wakulima wangenuna na kurudi na mzigo wao. Kwa hiyo waliacha bei ilipo, wakawa wanaongeza gunia kidogo kidogo, kopo leo, kopo kesho. Mkulima anasikia bei ya jana, anatulia. Na mpiga bei wetu, aliyekuwa anazunguka kila asubuhi kuuliza, aliuliza bei ya gunia, akaandika bei ya gunia, akaenda zake kunywa chai.

Nilirudi ofisini mbio. Nikawaomba makuli waliokuwa wakipeleka mizigo ya wanunuzi kwenye mizani ya kituo cha malori waniambie magunia yamekuwa yakipima vipi wiki hadi wiki. Uzito walikuwa nao, maana ndio uliowaumiza mgongo. Nikagawa kila bei kwa kilo zake, nikachora upya. Mbano hakuna. Hakuna kabisa! Mistari ilikuwa imeachana vizuri tu, na bei ya kilo ilikuwa inateremka siku zote zile ikitambaa juu ya ukingo wa chini. Tulikuwa tunangoja soko lifumuke wakati lilikwisha kuanza kushuka zamani, limejificha ndani ya gunia.

Nikamwekea Mkurugenzi karatasi zote mbili mezani. Akazisoma zote mbili. Aliielewa ile hesabu, hilo nitaliapia popote, alikuwa mwepisi wa hesabu kuliko mimi. Kisha akaisukuma ile ya kilo kwa kidole.

"Soko linauza gunia," akasema. "Sisi tunaandika gunia."

"Lakini magunia si yaleyale!"

"Nimeshawatangazia watu. Unataka nikawaambie nini? Kwamba kampuni ya kompyuta imeshindwa na kamba za katani?"

Hivyo ndivyo alivyosema. Mavuno ya watu yakawekwa upande mmoja wa mizani, upande wa pili ikawekwa aibu yake, na aibu ndiyo iliyokuwa nzito.

Nikamtumia mama ujumbe kwa kondakta wa basi la Kondoa: njoo utoe mzigo wako uuze. Alifika kesho yake, na vumbi lote la njiani kwenye baibui. Nilishamweleza kila kitu mlangoni, taratibu, kwa Kirangi na kwa Kiswahili. Alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo Mkurugenzi akatoka, akainama kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, karibu uone kazi ya mwanao." Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta yangu. Ilikuwa inaonyesha ile chati ya magunia. "Hii mistari ameichora yeye. Ona ilivyobanana. Miezi sita haijawahi kubanana hivi. Mwanao ndiye aliyeona, mama, sasa naona anaogopa tu. Msomi mzuri huogopa."

Mama alikiangalia kioo kile kwa heshima, mikono mapajani. Hakuwahi kuniangalia mimi hivyo.

"Mama," nikasema, "hiyo inahesabu magunia, haihesabu mahindi. Na hata ingehesabu sawa, haisemi ni juu au chini."

"Umeichora wewe?" akaniuliza.

"Nimeichora mimi, lakini..."

"Basi mwanangu, kwa nini unaikana kazi yako mbele ya tajiri wako?" Akasimama, akajifuta vumbi. "Tutangoja. Mwenye subira."

Hakuimaliza methali, hakuna anayeimalizaga. Mama aliiamini kompyuta kuliko mimi niliyekuwa naikalia. Mpaka leo hilo linanichoma, na sijui nimkasirikie nani. Yule bwana najua. Lakini mama?

Mvua ikanyesha. Barabara ya Mtera ikawa tope, malori ya Iringa yakakwama, na kwa siku chache bei ya gunia ikapanda ikatoboa ukingo wa juu. Mkurugenzi alinunulia ofisi nzima soda. "Nilisema! Nilisema!" Nikamsihi, uza leo, kitabu chako chenyewe kinasema mruko wa kwanza unaweza kuwa wa uongo. Akasema ndio kwanza kumekucha.

Jua likawaka, tope likakauka. Malori yakaingia Majengo yakiwa yamefuatana, ya Iringa na ya bandarini. Wanunuzi hawakuwa na haja tena ya kumbembeleza mtu kwa kilemba cha katani. Bei ikashuka ikapita wastani, ikapita ukingo wa chini, na mistari yetu ikaachama kama mdomo wa kiboko. Kompyuta ikaacha kuandika MBANO. Wadudu wakaingia ghalani. Mama aliuza mwisho kabisa, kwa alichopewa, na Januari ikawa imeshaondoka na nafasi ya mdogo wangu.

Niliacha kazi ile siku ileile mama alipouza, na nikamtukana kabla ya kuondoka. Sijutii hata tusi moja. Yeye mwenyewe alipata kazi nyingine nzuri baadaye, anaalikwa kwenye semina kuzungumzia masoko. Nimeambiwa huwa anasema wakulima wetu hawana nidhamu ya takwimu. Mungu anamwona.

Mama hakuwahi kuzungumza tena juu ya kompyuta. Zile sare alizifumua, akatengeneza mapazia, na aliishi nayo mpaka akafa.

Mdogo wangu aliolewa hapa Dodoma, na ana meza yake ya nafaka Majengo, anauza kwa debe. Ana maneno na wateja, anacheka nao, na mkono wake una kasi. Nikienda kununua, hunijazia debe mpaka mdomoni, kisha ananiongezea kilele juu, anakishika kwa viganja vyote viwili kisimwagike.

"Chukua dada," huniambia. "Wewe sikupimii kama watu wengine."

Mara ya mwisho alinishika kiganja wakati ananirudishia mfuko. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe pale penye mshipa, vikakaa kidogo vikihesabu. Kisha mteja mwingine akaita, akaniachia.