Tone la Mafuta Kwenye Masinia ya Kidato cha Tatu

Daftari la kwanza lilikuwa na jibu 6.02 mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Nilipofika la kumi na mbili niliweka kalamu chini, nikafunga koti hadi shingoni, nikatazama nje ambako upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapeperusha vumbi la uwanjani. 

Nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya bweni ya wasichana, pembezoni mwa Sumbawanga. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimesimama maabara kwa vipindi viwili, mikono nyuma, nikizunguka meza moja hadi nyingine. Nilichokiona kwa macho yangu hakikufanana kabisa na nilichokuwa nasoma.

Jaribio lenyewe ni jepesi, na mimi nililipenda kuliko yote. Unachukua asidi ya oleiki, nusu mililita tu, unaichanganya na spiriti mpaka ipatikane lita moja. Unavuta mchanganyiko huo kwa bomba la sindano na kuhesabu matone ya mililita moja. Yetu yalikuwa hamsini. Kwa hiyo ndani ya tone moja asidi yenyewe ni sehemu moja tu kati ya laki moja ya sentimita moja ya ujazo. Unajaza sinia maji, unanyunyiza poda ya watoto juu yake kiasi cha kufanya ukungu mwembamba, halafu unadondosha tone moja katikati. Spiriti inayeyuka majini na nyingine inapaa. Asidi inabaki juu, inaisukuma poda pembeni, na mbele yako inafunguka duara safi.

Kila molekuli ya ile asidi ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu usioyataka. Vichwa vinazama, mikia inasimama juu, molekuli zimebanana bega kwa bega, safu moja tu. Ukipima kipenyo cha duara kwa rula ya kawaida unapata eneo. Ukigawa ujazo kwa eneo unapata unene wa safu, na unene huo ndio urefu wa molekuli. Msichana wa miaka kumi na sita, na rula ya plastiki iliyovunjika ncha, anapima kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Kutoka hapo, ukichukulia kwamba molekuli ni kama mchemraba, unakokotoa ni ngapi zinazoingia kwenye moli moja, kipimo cha wanakemia; jibu la kitabuni, namba ya Avogadro, ni lile 6.02 mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu.

Sasa, asubuhi ile hakuna duara lililofunguka. Tone lilianguka, poda ikajikunyata kidogo, basi. Sentimita tatu, tatu na nusu. Wasichana wakatazamana. Nami, niseme ukweli, sikujua kwa nini. Kengele ikalia, nikawaambia waandike walichokipata.

Wakaandika kipenyo sentimita 12.6. Karibu darasa zima! Walikuwa wameanza na jibu la kitabuni, wakarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye duara ambalo lingelitoa. Hesabu zao hazikuwa na kosa hata moja. Hilo ndilo lililonichefua zaidi, kwamba walikuwa na akili ya kutosha kudanganya kwa usahihi.

Daftari moja tu lilikuwa tofauti. Lilikuwa la binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Mtoto mrefu, mkimya, aliyekaa benchi la nyuma. Aliandika kipenyo 3.0, na jibu lake lilikuwa 1.1 mara kumi kwa kipeo cha ishirini. Ni pungufu ya lile la kitabuni mara elfu kadhaa. Chini yake, kwa penseli: "Naomba kurudia."

Hapo inabidi nieleze lililokuwa linamngoja. Stuli za maabara hazikuwatosha wote, na mkuu wa idara, mzee mmoja nadhifu aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa na utaratibu wake. Mwisho wa muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu alikusanya madaftari ya vitendo, na walioanguka aliwahamishia mchepuo wa sanaa. Ukienda huko hurudi. Binti yule alitaka kuwa daktari wa mifugo. Aliniambia mara moja tu, akiwa anafuta ubao, na sikumsikia akilisema tena. Madaftari yalitakiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi baada ya vipindi nilimkuta mlangoni mwa maabara.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Unataka kurudia nini wakati hata mimi sijui kilichotushinda?"

Akatazama viatu vyake. "Ni mikono, Madam. Tunapaka mafuta."

Nikakaa kwenye stuli. Baridi ya Ufipa mwezi wa sita inapasua ngozi, na wasichana wote pale bwenini walipaka mafuta ya alizeti waliyokuja nayo kutoka nyumbani kwenye vichupa, usoni, miguuni, mikononi. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyobeba masinia, ikajaza maji, ikachovya vidole kuangalia kina. Na masinia yenyewe tulikuwa tumeazima jikoni. Maji yalikuwa yameshavaa utando wa mafuta kabla tone halijafika. Lingetandaa wapi?

"Nani kakwambia?"

"Nyumbani, ukipaka samli mkononi ukakamua ng'ombe, halafu ukanawa kwenye ndoo, mafuta ya samli yanakimbia juu ya maji yote. Hata ya kidole kimoja."

Nilicheka kwa aibu. Shahada yangu imetundikwa ukutani kwa mama, na mtoto wa wafugaji ndiye aliyeona.

Tulisugua sinia kwa majivu na kulisuuza mara nne. Sabuni nilikataa, maana nayo ingeacha utando wake. Akasugua mikono yake kwa majivu mpaka vifundo vikawa vyeupe na kupasuka. Tukajaza maji hadi ukingoni, akakata kipande cha karatasi safi, akakiburuta juu ya maji kutoka upande huu hadi ule kuondoa uchafu wowote uliobaki, kisha kingine, kisha kingine. Poda. Tone.

Duara likafunguka kwa haraka hivi kwamba akaruka nyuma. "Mamaa!" Akaweka mkono mdomoni. Kingo zilitulia, akapima pande nne: sentimita kumi, kumi, tisa nukta tisa, kumi nukta moja. Akafuta 3.0, akaandika 10.0 kwa penseli. Unene ukawa kama sehemu moja na robo kati ya milioni ya milimita moja. Avogadro wake akatoka 1.5 mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu.

"Ni robo tu ya jibu la kitabu," akasema, uso umeanguka.

Nikamwambia hapana, hapo ndipo penye utamu. Molekuli hii si mchemraba, ni nyembamba na ndefu, zinaingia nyingi zaidi mahali tulipodhani inaingia moja. Njia hii, kwa mkono mwaminifu, haiwezi kutoa 6.02 isipokuwa kwa bahati. Kufika kwenye kipeo cha ishirini na tatu kwa sinia la jikoni na majivu ni ajabu tosha. Aliandika maelezo hayo yote kwa maneno yake mwenyewe, ukurasa mzima, na akaondoka akitembea kama mtu aliyevalishwa nguo mpya.

Ijumaa mkuu wa idara alifungua daftari lile mbele yangu. Hakusoma ukurasa wa maelezo. Kidole chake kilishuka moja kwa moja hadi kwenye mstari wa mwisho.

"Huyu amekosa."

"Mzee, huyu peke yake ndiye aliyepata. Wengine wote wamepika majibu."

"Mdogo wangu," akasema bila hasira, na upole huo ulinikera kuliko kelele, "wakaguzi wakija wataona madaftari yote yana jibu, moja halina. Na kwenye mtihani wa taifa nani atamsikiliza na hadithi zake za michemraba? Anaenda sanaa. Au lete daftari lenye jibu kabla ya saa kumi. Mimi nitakuwa hapa."

Nilitoka. Nilimchukia, nikawachukia wasichana wenye 12.6 yao, nikachukia shule na masinia yake. Nilimtafuta binti ili nimwambie. Alikuwa mstarini anasubiri chakula, mikono imefungwa kitambaa pale ilipopasuka. Aliponiona akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikageuka pale pale. Nikarudi maabara, nikafunga mlango.

Daftari lilikuwa lake lakini penseli ilikuwa yangu. Nilichana ukurasa wa maelezo taratibu, usiache mabaki kwenye mshono. Nilifuta 10.0, nikaandika 12.6 kwa mwandiko wa kuiga wake. Kutoka hapo hesabu zilinyooka zenyewe, nilikuwa nimezisahihisha mara nyingi wiki ile. Nikafika 6.02, nikaweka vema nyekundu na kutia sahihi. Haikuchukua dakika kumi. Udanganyifu ulionichefua Jumatano sasa ulikuwa wangu, bila mtu mwingine wa kumtupia.

Alibaki sayansi. Daftari lilirudishwa Jumatatu pamoja na mengine. Nilimwona akilifungua kwenye benchi la nyuma, akatazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mshono, pale ulipokuwa ukurasa. Halafu akalifunga akatazama ubaoni. Nilijiambia ataelewa. Nilijiambia siku moja atakuwa na stethoskopu shingoni na ng'ombe mbele yake, na haya yatakuwa madogo.

Muhula wa pili tulianza utitirishaji, kudondosha asidi kwenye besi kutoka kwenye bureti, bomba refu la kioo lenye vipimo, na kusoma mara tatu. Nilizunguka meza moja hadi nyingine, mikono nyuma. Nilipofika nyuma alikuwa ameshamaliza, wa kwanza darasa zima, jedwali limejaa kwa mwandiko wake mzuri: 24.50, 24.50, 24.50. Nikatazama bureti yake kwenye stendi. Ilikuwa kavu tangu juu hadi chini.

"Umepimaje hapa?" nikamuuliza kwa sauti ndogo, wenzake wasisikie.

Akainua uso. Hakukuwa na ubaya wowote machoni mwake, wala hofu, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifungua daftari la mtoto yeyote.

"Kama ulivyonipimia wewe, Madam," akasema, akanisogezea daftari nimtilie vema.