Giaboksi ya Dola Mia Tano

Mama mwenye duka la vipuri hakuwavumilia wajuaji. Shemeji yake, dereva wa teksi ambayo ilikuwa juu ya mawe wiki ya tatu, aliingia akichekelea.

"Shemeji, dola ilikuwa mia na ishirini, leo mia na thelathini. Pesa yetu imepanda! Ndiyo maana nilingoja. Haya, nipunguzie ile giaboksi."

"Giaboksi ni dola mia tano," alijibu mama huyo bila kuinua macho, akiifuta vumbi giaboksi hiyo kwenye kaunta. "Kila dola sasa inakula shilingi zako kumi zaidi. Kilichopanda ni nini, bingwa?"

Dereva alihesabu kwa vidole. Elfu sitini sasa zilikuwa zimefika elfu sitini na tano, naye alikuja na sitini kamili.

"Basi niuzie kwa bei ya juzi."

"Juzi si ulikuwa unangoja?" alisema mama, akairudisha giaboksi rafuni.