Mama Galgalo Aja na Maziwa

Dahabo, kiongozi wa kikundi chao chuoni Isiolo, alikuwa amechoka kumbembeleza mwenzao Galgalo kwenye WhatsApp. Mpango wao wa biashara ya maziwa ya ngamia ulikuwa tayari, isipokuwa sehemu ya soko, na hiyo ilikuwa kazi ya Galgalo. Mwishowe alimwandikia barua pepe, nakala kwa mwalimu: "Hujaleta hata mstari mmoja. Nisipopata sehemu yako kufikia Ijumaa saa sita mchana, tutaiandika wenyewe na jina lako tutaliondoa."

Alhamisi jioni alisikia hodi mlangoni kwake, mtaani Bulla Pesa. Kumbe ni mama yake Galgalo, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Salaam aleikum, binti yangu. Msamehe ndugu yako."

Dahabo alishusha pumzi. Kwa mila yao, mtu mzima akikuletea maziwa, kuyakataa ni matusi. Ukiyanywa, ugomvi umekwisha. Galgalo alilijua hilo vizuri, mvivu yule! Akanywa, akashukuru, akamsindikiza mama mpaka barabarani.

Kisha akatoa simu, akaandika: "Galgalo, nimekusamehe. Mama yako ameshaleta sehemu yake. Yako iko wapi?"