Tangazo la Mizani ya Mshale

Fundi wa mizani alisoma rasimu ya tangazo mara mbili, na mara zote mbili mstari wa mwisho ulimchoma. Kuanzia Juni duka lingeacha kuuza mizani ya mshale. Wateja walishauriwa kuchukua ya betri. Vipuri vya ile ya zamani vingepatikana kwa miaka saba, na kwa matengenezo au msaada wowote wampigie dada wa mauzo, ambaye dukani walimwita Bibi Betri.

Kwa miaka kumi na tisa wateja walikuwa wakimpigia yeye fundi.

"Kaka, kuna kosa?" Bibi Betri aliuliza, mkono ukiwa kwenye printa.

Lilikuwepo. Mizani ile ya betri haivumilii maji, na wauza samaki huosha mizani kutwa nzima. Ingekufa ndani ya wiki. Fundi alitamani kunyamaza, amwone akisutwa na soko zima.

"Wauza samaki," alisema mwishowe. "Wao waandikie ile isiyoingia maji."

"Lo! Ulitaka kuniacha niumbuke?"

"Kidogo tu."

Bibi Betri alicheka. Akaongeza aina hiyo, kisha penye vipuri na matengenezo akafuta namba yake, akaweka ya fundi.

Siku ya tatu baada ya tangazo kutoka, simu ya fundi ikaita. Alikuwa mama muuza samaki, mteja wake wa tangu zamani.

"Fundi wangu, tangazo nimelisoma. Hebu nipe huyo dada wa betri."

Fundi akampa Bibi Betri simu, akabaki palepale akisikiliza kila neno.