Maziwa ya Karani Straton

Karani Straton alikuwa na kalamu mbili mfukoni, na moja haikuwa na wino. Hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa kuwa ilikuwa na kifuniko cha kung'aa. Mwaka ule wa 1954 bwana wa shamba la pareto, huku juu ya Karuba, Masisi, alipiga picha ya watoto sita wameshika vikombe, akamwambia karani aandike maneno chini yake. Kesho yake picha ikabandikwa mlangoni pa chumba cha mizani.

Verdiane, mjane aliyechaguliwa kuwa mlezi wa garderi, mahali pa kulelea watoto wa wachumaji, hakujua kusoma. Alimsikiliza karani akiyasoma mwenyewe kwa sauti ya padri siku ya Pasaka:

"Watoto hawa wako salama. Garderi yetu yapokea watoto wa miaka miwili hadi mitano, toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa. Saa nne watapata uji. Mchana viazi, na kikombe kizima cha maziwa yaliyochemshwa. Kuna uzio pande zote, na mlezi hatoki hata kidogo. Mama, chuma maua yako bila wasiwasi. Tutaandika majina siku ya tatu."

Uzio ulikuwepo, Verdiane aliufunga kwa mikono yake. Vikombe vya kwenye picha ndivyo vilivyokuwa vitupu. Ndoo ya maziwa ya wale watoto sita wa kwanza ilitoka zizini kwa bwana ikiwa imejaa, ikachemshwa kwenye nyumba ya kukaushia maua, kisha ikapita nyumbani kwa Straton. Ilipofika garderi ilikuwa bado imejaa, ila Verdiane alikuwa amemwona karani akiinama na ndoo kwenye mfereji ambamo magunia ya maua huoshwa. Sehemu kubwa ya maziwa ilibaki kwa mke wa karani, aliyekwisha kuanza kunenepa mashavu. Verdiane alinyamaza. Kibanda alimolala kilitolewa pamoja na kazi ile, na hakuwa na kingine.

Siku ya tatu wachumaji walikuja na watoto mgongoni. Mbele yao alisimama Nyirabahire, binti wa wafugaji wa Burungu. Miaka mitatu nyuma mtoto wake wa kwanza aliachwa juu ya kitenge kando ya shamba, akatambaa hadi mtoni, maji yakamchukua. Sasa alikuwa na Gatera, wa miaka miwili, na alitaka garderi hii kuliko mtu yeyote pale. Alipopewa kikombe akione, hakukisifu. Alikiinamisha, akatazama maziwa yakirudi chini kama maji, bila kuacha alama ukutani mwa kikombe.

"Karani," alisema, "kwetu mwenye kupana maziwa njo anaonja mbele, bengine nyuma. Weye njo uliandika pale kwa mulango. Kunywa."

Straton akacheka cheko la mtu mwenye kalamu mbili. "Hii maziwa iko ya batoto, Mama. Miye niko muntu mukubwa. Mama Verdiane ataonja."

Kikombe kikamfikia Verdiane. Loo, mwoga huyu alikuwa hodari wa kuwasukuma wajane mbele! Verdiane aliona kibanda chake, kitanda chake, mvua ya Masisi. Kisha akamwona Gatera mgongoni mwa mama yake, mdomo wazi, akingoja.

"Miye sinywe maji ya magunia," akasema. Akamwaga kikombe chote miguuni pa karani, juu ya viatu vyake vya ngozi. "Maziwa iko kwake kwa nyumba. Nilimuona mu mufereji, na nilinyamaza. Munisamehe, bamama."

"Nimekufukuza!" Straton alipaza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wanawake waliweka vikapu chini wakavikalia, wote. Wiki ile maua yalikuwa yamefunguka vizuri, na pareto haingoji mtu: ukichelewa, ua linanyauka na nguvu yake inapungua. Saa tatu bwana mwenyewe alishuka kwa miguu kuuliza kwa nini mizani imenyamaza. Nyirabahire alimweleza kwa maneno machache, akimwonyesha viatu vya karani. Bwana hakuwa mtu mwema, ila alijua bei ya maua yake.

Verdiane alibaki na kibanda chake. Picha nayo ilibaki mlangoni, na chini yake Straton aliandika mstari mpya kwa mkono wake, kwa amri ya bwana:

"Kila asubuhi, mbele ya mama wote, karani ataonja maziwa kwanza."

Basi kila siku saa kumi na mbili, kwenye baridi, Straton alisimama mlangoni akanywa kikombe kizima, wanawake wakimtazama koo likipanda na kushuka. Ni hapo tu Nyirabahire alipofungua kitenge na kumweka Gatera mikononi mwa Verdiane.