Yosefina na Mkwe Mlangoni

Mama Yosefina wa Lumemo hakuwa mtu wa kupotea. Baada ya kugongewa mhuri wa pasipoti Dar es Salaam, alifuata alama za picha ya sanduku hadi ukumbi wa mizigo, akasoma kwenye skrini namba ya mkanda wa ndege yake kutoka Johannesburg, akasimama pale. Begi lake alilitambua kwa khanga aliyoifunga kwenye mpini. Akalishusha, akaliweka kwenye toroli, akakaa pembeni akatulia.

Alikuwa anamsubiri Mzee Barnaba wa kijiji cha Mbingu, baba wa mkwewe. Ndiyo ingekuwa mara yao ya kwanza kuonana, kwani ndoa ya binti yake Leticia ilifungwa huko huko ugenini, na sasa Yosefina alikuwa anarudi kutoka kumwona mjukuu. Kwao, mkwe mgeni hupokelewa mzigo, hasukumi mwenyewe mbele ya wakwe. Akionekana leo anasukuma mzigo mwenyewe, watu wa Mbingu watasema familia ya marehemu mume wake haina adabu.

Mkanda ukasimama. Ukumbi ukabaki mtupu.

"Shikamoo, mama. Unasubiri begi jingine?" aliuliza binti wa kiwanjani, kitambulisho chake kimeandikwa Mwanasha.

"Marahaba. Nasubiri wenyeji wangu waje kunipokea."

"Hapa hawaingii, mama. Wenye kupokea wageni wako nje. Na wewe ukishatoka, hurudi tena ndani."

Yosefina aliitazama toroli kama imemsema vibaya. "Yaani nisukume?"

"Sukuma tu, hata mabalozi wanasukuma." Mwanasha alicheka kidogo. "Ukifika pale kwa watu wa ushuru, kama huna cha kulipia, pita njia ya kijani. Usifuate alama ya abiria wanaounganisha ndege, itakuzungusha. Ukitoka nje, teksi ziko mbele ya mlango; magari ya watu binafsi yako kwenye maegesho, ng'ambo ya barabara."

Yosefina alijifunga kitenge upya, akasukuma. Ushuru hawakumzuia. Mlango wa kioo ukajifungua, joto la Dar likamlamba usoni. Watu walikuwa wamebaki wachache. Nyuma ya nguzo, mbali na kizuizi, alisimama mzee mrefu amevaa koti la harusi, kofia mkononi.

"Mkwe?" aliita Yosefina.

Mzee akasogea taratibu, akainamisha kichwa. "Karibu, mkwe. Nilikuwa najificha."

"Kwa nini?"

"Niliona watu wanang'ang'ania kizuizini wanapiga kelele. Nikasema mama Leticia asinikute nimekodoa macho mlangoni kama mnunuzi wa mpunga. Nikakaa huku. Ndipo nikaanza kuogopa kwamba umeshapita."

"Nami nilikaa ndani nikikungoja unipokee begi."

Walitazamana. Yosefina akacheka kwanza, akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

"Mtoto anafanana na nani?" aliuliza Barnaba kwa sauti ndogo.

"Pua yako, naona."

Mzee akavaa kofia, akashika toroli kwa mikono miwili, na kuelekea kwenye maegesho polepole, ili mkwewe aende naye sambamba.