Kuku Choma wa Kaka Yangu

Kaka yangu ni kinyozi, na mtaani wanamwita Mashine. Si kwa nguvu, jamani, mtu mwenyewe mwembamba kama ufito. Wanamwita hivyo kwa sababu mashine yake ya kunyolea haizimwi kuanzia anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Miaka ishirini na miwili amesimama nyuma ya kiti kile kile, anageuza vichwa vya watu kwa vidole viwili, anawasimulia uongo mtupu na wao wanacheka.

Wifi yangu alipofariki, kaka alifunga jiko lake. Hakusema amelifunga, ila siku moja nilikwenda kwake nikakuta sufuria zimepangwa juu ya kabati, zimefunikwa gazeti. Tangu hapo akawa anakula kwangu. Mimi nauza kuku na viazi, kibanda changu kimepakana na duka lake, katikati ni ukuta wa mabati tu. Akitaka chakula anagonga mabati mara mbili. Akigonga mara tatu ujue ana njaa ya kugombana.

Zahanati ilipoweka siku ya vipimo vya bure, alikwenda kwa ajili ya kupiga soga kwenye foleni. Akarudi uso umemshuka. Wamemwambia ana mafuta mengi kwenye damu, kolesteroli. Nilimcheka! Nikamwambia, "Kaka, mafuta yatakaa wapi mwilini mwako, kwenye kucha?" Hakucheka. Alisema muuguzi naye alimwambia wembamba hauzuii kitu, na kwamba baba yetu aliyeanguka ghafla shambani huenda naye alikuwa nayo.

Walimpa miezi mitatu. Aache vya kukaanga, ale vya kuchoma, atoe ngozi ya kuku, ale mboga, kisha arudi kupimwa. Isiposhuka, ataanza vidonge. Na kaka yangu vidonge anaviogopa kuliko polisi. Wifi alimeza vidonge miaka minne, bakuli zima kila asubuhi, na tulimzika. Kwa hiyo kwake ile miezi mitatu ilikuwa kesi ya maisha yake. Alikuja kibandani akaegemea meza yangu akasema, "Mdogo wangu, kuanzia leo mimi ni mtu wa choma. Ukiniona na chipsi, nipige mwiko."

Nikasema, "Nitakupiga kwa raha zangu."

Na alishika, wallahi alishika. Mtu aliyekuwa anakula sahani ya chipsi kubwa kama kilima akawa anakula kuku choma, ngozi anaibandua kwa vidole anamtupia paka. Kabichi anakula. Wateja wake wakija na vitumbua anakunja mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa. Mimi nikamwonea huruma, na kwa sababu ameacha chipsi nikawa namwongezea: badala ya robo, nusu kuku. Kabichi namwekea sosi nyeupe nyingi ishuke kooni. Nilijiona dada mwema kupita wote.

Sasa niwaambie jinsi tunavyochoma sisi. Kuku mbichi akiwekwa kwenye mkaa anataka dakika arobaini na zaidi. Mteja wa mchana hana dakika arobaini, ana dakika kumi na mdomo mrefu. Kwa hiyo asubuhi tunachemsha mafuta ya mgando kwenye sufuria kubwa, yale meupe ya kwenye ndoo, tunazamisha vipande mpaka viive nusu na zaidi, tunavirundika kwenye beseni. Mteja akifika, kipande kinatupwa mkaani, kinapigwa brashi ya siagi na kitunguu saumu ili king'ae na kishike rangi, dakika saba kiko mezani kinanukia moshi. Safu nzima ya vibanda tunafanya hivyo. Aliyenifundisha alifanya hivyo. Na kwetu sisi kuku anaitwa kwa mahali alipomalizia: akitoka kwenye mafuta kwenda sahani ni wa kukaanga, akitoka mkaani ni choma. Basi. Sikuwahi kufikiri zaidi ya hapo, na mtu angeniuliza ningemwapia kwamba kaka yangu anakula choma tupu.

Miezi mitatu ilipokwisha alikwenda kupimwa akiwa amenyoa ndevu, kama anakwenda kuposa. Alirudi mchana, wakati kibanda kimejaa. Akanipa karatasi juu ya vichwa vya wateja. "Imepanda," akasema. "Imepita ya mwanzo. Wamenipa vidonge, na hiki kikaratasi. Nisomee, miwani nimeiacha dukani."

Nikafuta mikono nikasoma kwa sauti. Kipande cha nyama kisizidi kiganja chako bila vidole. Akautazama mkono wake, akasema, "Hicho ni chakula cha paka." Wateja wakacheka. Nikaendelea. Sosi nyeupe ni mafuta na mayai, iwekwe pembeni, kijiko kidogo tu. Wali wa hotelini mara nyingi umetiwa mafuta mengi usiyoyaona, uliza. Kisha macho yangu yakafika mstari wa nne.

Uliandikwa hivi: Uliza kama nyama imekaangwa kabla ya kuchomwa, au imepakwa mafuta jikoni. Mafuta yanayoganda yenyewe, hata kama ndoo imeandikwa hayana kolesteroli, huufanya mwili uitengeneze kwa wingi.

Beseni lilikuwa pale kiunoni kwangu. Brashi ilikuwa mkononi. Watu kumi na kitu wamesimama, kila mmoja ameagiza choma, na wengine wanaagiza choma kwa sababu hiyo hiyo ya kaka. Mungu wangu. Niliuruka ule mstari. Nikasoma wa tano, unaohusu kutembea kwa miguu, kwa sauti ile ile.

"Ndiyo hayo tu?" akauliza.

"Ndiyo hayo."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, wala sikumwona akiikunjua tena. "Basi sikiliza. Chipsi nimeacha. Ngozi nimeacha. Miezi mitatu nimekula moshi. Imepanda. Unaniambia ni kijiko cha sosi? Ni kipande kimezidi kiganja? Mimi damu yangu ndivyo ilivyo, kama ya baba. Hakuna cha kufanya." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningefurahi.

Vidonge alivipanga kwenye rafu ya dukani kwake, karibu na chupa za spiriti, na hakuvifungua. Kila nikimwuliza anasema, "Kama choma haikushusha, kidonge kama punje ya mtama kitashusha nini?"

Kesho yake niliamka alfajiri nikamwandalia wa kwake peke yake. Kuku mbichi, sikumtia kwenye sufuria, nikambandua ngozi, nikampaka ndimu na chumvi kidogo, nikamchoma moto mdogo kwa kumgeuzageuza mpaka nikatokwa jasho. Kipande cha kiganja. Kabichi kavu na nyanya. Maharage ya kuchemsha pembeni ili ashibe. Nikagonga mabati mimi.

Akaja, akaangalia sahani. "Nipe wa kukaanga," akasema. "Na chipsi. Kubwa."

"Kaka, kula hiki. Hiki ni tofauti."

"Tofauti ni nini?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini jirani yangu wa kibanda cha pili alikuwa amesimama pale anaomba mkaa, masikio yamemsimama, na mimi nikaona jina langu linavyotembea safu nzima. Nikasema, "Nimeweka ndimu zaidi."

Akanitazama kwa huruma, yeye kunihurumia mimi! Akaenda kula kwa huyo jirani. Na kuanzia siku hiyo alikula kule, chipsi, kuku wa mafuta na soseji, anakula kama mtu anayemaliza vitu ndani ya nyumba anayohama. Nilimpigia kelele mbele ya wateja wake. Nilimwita mjinga, nilimwita bahili wa roho yake mwenyewe. Alinijibu, "Nilijaribu, mdogo wangu. Wewe ni shahidi." Na mimi kila siku nalala nikijiambia kesho nitamwambia, tukiwa wawili. Tulikuwa wawili mara nyingi tu. Wiki tisa.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilisikia mashine inaendelea kuvuma lakini sauti ya kaka haipo, nikadhani anasinzia. Kisha mteja akaja mbio, nusu ya kichwa imenyolewa, anasema, "Njoo, Mashine amekaa chini." Nilimkuta ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, mkono umeshika kifua, taya anasema linamuuma. Tulimpakia kwenye gari la muuza magodoro.

Hakufa. Siku ya tatu walituruhusu kukaa naye. Daktari, mwanamke mdogo mpole, alivuta kiti akatueleza: mshipa wa moyo uliziba, sehemu ya nyama ya moyo imekufa, na hiyo haioti tena. Kusimama siku nzima, asahau. Ngazi, asahau. Vidonge sasa ni lazima. Kisha akafungua faili akamwuliza, alipopewa ile miezi mitatu ya mwanzo, alikuwa anakula nini hasa.

Kaka akajiinua kwa kiwiko. Sauti haina nguvu, lakini alijibu kwa fahari kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake. "Choma tupu, daktari. Bila ngozi. Ikapanda. Muulize huyu, ndiye aliyekuwa ananipikia."

Daktari akanigeukia, kalamu mkononi.

Nilisema. Nilisema yote, sufuria, mafuta ya ndoo, brashi, nusu kuku, na mstari nilioruka. Nilikuwa nalia mpaka maneno yanaingiliana, na daktari aliacha kuandika. Akasema kwa upole kwamba huenda hata kwa chakula sahihi angehitaji vidonge, ni damu ya ukoo. Lakini kwa wengi chakula hushusha, akasema, hata kidogo, na mtu akiona imeshuka hupata moyo wa kumeza na dawa.

Kaka alikuwa ananitazama. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "ingewezekana."

Akajilaza, akageukia ukutani.

Duka la kunyolea limepangishwa kwa mwingine. Kaka yuko kwangu, chumba cha mbele, anameza vidonge vyake bila ubishi. Nampikia mwenyewe, kipande cha kiganja, mbichi mpaka mkaani, sufuria ile sina tena, na wateja nao wamepungua maana nawachelewesha. Anakula vijiko viwili, vitatu, anasukuma sahani. Namwambia, kaka, hiki ni choma kweli, niamini. Anasema anaamini. Hajawahi kuniuliza kwa nini niliuruka ule mstari, na mimi kila nikimpelekea chakula nakaa pale mlangoni, nikisubiri aniulize.